Gawio limeshuka kutoka asilimia 12 hadi 6: jinsi ya kusoma barua ya mweka hazina

Kila mwaka, mikutano mikuu ya ushirika inapokaribia, maswali ya namna moja huongezeka kwa watu wetu wa huduma kwa wateja. Mteja anasema: "Mwaka jana pesa ya gawio iliingia kwa simu ikiwa elfu mbili na kitu. Mwaka huu imeingia elfu moja na mia moja. Nyinyi mmekata nini?"

Jibu fupi ni kwamba sisi hupeleka kiasi kile chama kimetuma. Lakini jibu hilo halimsaidii mama anayenunua samaki Longech na kuwapeleka sokoni Kakuma, ambaye alikuwa amehesabu pesa hiyo kwa karo ya mtoto. Anataka kujua pesa imeenda wapi, na kama ameibiwa. Jibu la swali hilo huwa liko kwenye barua ambayo mweka hazina hutuma kabla ya mkutano, barua ambayo wengi wetu hupitisha macho tu mpaka tuone asilimia, halafu tunaiweka kando.

Leo tunaisoma yote. Barua iliyo hapa chini ni ya mfano. Tumeiandika sisi, na chama chenyewe na hesabu zake si za chama chochote kilichoko. Tumekiweka Longech, kwenye ule ulimi wa mchanga unaotazamana na Kalokol ng'ambo ya Ghuba ya Ferguson, kwa sababu wateja wetu wengi wa pande hizo wanaishi kwa samaki, na ushirika wa wavuvi una mambo yake. Chukua kalamu, kwa sababu tutapiga hesabu pamoja.

Barua yenyewe

Ejok, ndugu wanachama.

Kamati imekubaliana kupendekeza kwa mkutano mkuu gawio la asilimia 6 kwa kila hisa. Mwaka jana tulilipa asilimia 12. Najua hii si habari njema, na najua wengine wenu mmeshaanza kuuliza. Kwa hivyo naeleza kabla ya mkutano, ili tukikaa chini tuwe tunazungumzia hesabu ile ile.

Mwaka jana chama kilipata mapato ya shilingi 4,100,000. Ndani yake kulikuwa na shilingi 200,000 tulizopata kwa kuuza injini mbili za zamani za boti. Mapato ya kawaida, yaani kamisheni ya samaki na riba ya mikopo, yalikuwa 3,900,000. Mwaka huu mapato yote ni 3,900,000. Biashara yetu haikuanguka. Tulichokosa ni injini za kuuza.

Matumizi yalikuwa 2,900,000 mwaka jana. Mwaka huu ni 3,000,000. Ongezeko hilo la 100,000 ni petroli, na ni kuhamisha chanja za kukaushia samaki baada ya maji kufika pale zilipokuwa.

Jambo kubwa ni la tatu. Wenzetu 9 waliochukua mikopo ya boti na nyavu hawajalipa kwa zaidi ya miezi sita. Wengine walipoteza nyavu kwa dhoruba, na wawili wamehama. Baki la mikopo yao ni shilingi 600,000. Mkaguzi wa hesabu ametutaka tutenge nusu, yaani 300,000, kama fungu la tahadhari. Pesa hiyo haijasamehewa. Tunaendelea kuwafuata, na wadhamini wao wameandikiwa barua.

Kwa hivyo ziada ya mwaka ni shilingi 600,000. Mwaka jana ilikuwa 1,200,000. Sheria ndogo za chama chetu zinataka asilimia 20 ya ziada iende kwenye hazina ya akiba kabla ya gawio. Hiyo ni 120,000. Zinabaki 480,000. Kati ya hizo, tunapendekeza 384,000 zigawanywe kwa wanachama, na 96,000 zibaki chamani kuanzia mwaka mpya.

Hisa zetu zote sasa ni shilingi 6,400,000, kwa sababu wanachama wapya wamejiunga. Mwaka jana zilikuwa 6,000,000. Ukigawa 384,000 kwa 6,400,000 unapata asilimia 6.

Wengine wameniuliza kwa nini tusichukue hazina ya akiba tukalipa asilimia 12 kama kawaida. Jibu langu ni kwamba hazina hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuhamisha chanja mwaka huu bila kwenda kukopa. Tukiila leo, maji yakipanda tena tutakuwa hatuna kitu.

Vitabu viko wazi ofisini. Njoni muulize.

Mweka hazina, kwa niaba ya kamati.

Nusu iliyopotea ilienda wapi?

Mwanachama wa kwanza kusimama mkutanoni pengine atasema hivi: mapato yameshuka kutoka 4,100,000 hadi 3,900,000, ambayo ni kama asilimia 5 tu, sasa gawio linawezaje kushuka nusu nzima? Swali ni zuri, na ndilo linalowafanya watu washuku wizi.

Sababu ni kwamba gawio halitoki kwa mapato. Linatoka kwa kile kinachobaki chini kabisa, baada ya kila mtu mwingine kuchukua chake. Fikiria sufuria ya chai. Vikombe vya kwanza ni vya petroli, mishahara na kodi ya ofisi. Kinachofuata ni cha mikopo iliyokwama, halafu cha hazina. Wewe mwenye hisa unakunywa kikombe cha mwisho. Chai ikipungua kidogo tu, vikombe vya mbele bado vinajaa. Chako ndicho kinachobaki nusu.

Weka hesabu hiyo kwenye barua. Ziada imeshuka kwa shilingi 600,000. Kati ya hizo, 200,000 ni injini ambazo mwaka huu hazikuwepo, 100,000 ni matumizi yaliyopanda, na 300,000 ni fungu la tahadhari. Jumla ni 600,000 kamili. Hakuna shilingi iliyobaki bila maelezo, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye barua yoyote ya aina hii. Chukua ziada ya mwaka jana, toa ya mwaka huu, halafu uone kama sababu zilizotajwa zinajaza hilo pengo. Barua ikisema tu "hali ya uchumi imekuwa ngumu" bila tarakimu, pengo halijajazwa, na una haki ya kuuliza.

Angalia pia zile injini. Zinatuonyesha kwamba tatizo lingine liko mwaka jana. Asilimia 12 ilikuwa na pesa ya kuuza mali ndani yake, na mali ikishauzwa haiuzwi mara ya pili. Mwanachama aliyechukua 12 kuwa ndiyo kawaida alipima mwaka huu kwa kipimo ambacho tangu mwanzo hakikuwa sawa. Chama kikilipa gawio kubwa, uliza pia mwaka huo: hii imetoka kwa samaki na mikopo, au tumeuza kitu?

Mikopo iliyokwama na lile fungu la tahadhari

Hapa ndipo watu wengi hukasirika. "Mimi nimelipa mkopo wangu, kwa nini nikatwe kwa sababu ya mtu aliyehama?"

Tuanze na maana ya kutenga. Chama kinapokopesha, kwenye vitabu ule mkopo unaandikwa kama mali, kwa sababu ni pesa inayotarajiwa kurudi. Mtu asipolipa mwezi mmoja, matarajio bado yapo. Asipolipa miezi saba, kuendelea kuandika mkopo wote kama mali ni kujidanganya. Kwa hivyo mhasibu anapunguza faida ya mwaka huu kwa kiasi kinachoonekana hakitarudi. Pesa hiyo haijaenda kwa mtu yeyote. Imezuiwa tu isihesabiwe kama faida.

Kiasi cha kutenga hakichaguliwi kwa hisia. Kwa sacco zinazopokea amana Kenya, mdhibiti wao, SASRA, ameweka ngazi. Mkopo uliochelewa siku 31 hadi 180 hutengewa asilimia 25 ya baki. Ukichelewa siku 181 hadi 360, asilimia 50. Ukipita siku 360, wote, asilimia 100. Chama kidogo cha wavuvi kinaweza kuwa hakiko chini ya SASRA, lakini mkaguzi wa hesabu anaweza kutumia ngazi hizo hizo kama kipimo, na ndivyo ilivyo kwenye mfano wetu: mikopo imepita miezi sita, kwa hivyo nusu ya 600,000.

Sasa fikiria kama mweka hazina angekuwa mwoga wa kelele na asingetenga kitu. Ziada ingekuwa 900,000. Angetoa asilimia 20 ya hazina, zikabaki 720,000, na chama kingeweza kulipa asilimia 11 na baki kidogo. Wanachama wangefurahi. Lakini pesa ya kulipa hilo gawio ingetoka wapi, kama wale 9 hawajalipa? Ingetoka kwenye akiba ambazo wanachama wenyewe wameweka. Yaani unapewa pesa yako mwenyewe kwa mkono mmoja ukiambiwa ni faida. Na mwaka ujao mikopo ile ile ikipita siku 360, zitatakiwa zote 600,000 kwa mpigo, na hapo gawio linaweza kuwa sufuri.

Kuna upande mwingine pia. Wale 9 wakilipa mwaka ujao, fungu lililotengwa halihitajiki tena, na linarudi kwenye mapato. Kwa hivyo swali la maana mkutanoni ni hili: mwaka ujao mtatuletea ripoti ya mikopo hii 9, mmoja mmoja, tujue nani amelipa na wadhamini wamefanya nini? Na uliza swali la pili: kati ya hawa 9, kuna mwanakamati? Kamati inayojikopesha na kutolipa ni ugonjwa ambao umeua vyama vingi, na haitajiandika yenyewe kwenye barua.

Kwa nini hazina haiguswi

Mtu wa Longech hahitaji kuelezwa kwamba ziwa halitabiriki. Tangu karibu mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Turkana yamepanda na kufunika nyumba na mahali pa kukaushia samaki. Wazee nao wanakumbuka kinyume chake: katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson ilikauka, ghuba hiyo hiyo iliyokuwa ikitoa samaki wengi kuliko sehemu nyingine za ziwa.

Miaka hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tunasema hazina isiguswe. Wavuvi wa Kalokol walikuwa na ushirika wao na walikuwa na msaada wa Norwei, iliyojenga hapo kiwanda cha kugandisha samaki kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi sana, kwa sababu kugandisha samaki kwenye joto lile kulitaka umeme na maji safi mengi, na gharama ilizidi thamani ya samaki. Kisha ghuba ikakauka. Halafu mwaka wa 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norwei, na msaada ukakatika. Mambo matatu yalikuja yakifuatana, na hakuna hata moja ambalo mvuvi angeweza kulizuia.

Ndiyo maana asilimia 20 inatoka kabla ya gawio, hata mwaka mbaya. Mwaka jana chama chetu cha mfano kiliweka 240,000 kwenye hazina, mwaka huu 120,000. Hazina inakua polepole mwaka mbaya, lakini inakua. Barua ikikuambia hazina imetumika kulipa gawio, hapo ndipo pa kushtuka, hata kama asilimia ni kubwa.

Sasa piga hesabu yako

Tuseme mama wetu wa Kakuma anajua ana hisa za shilingi 25,000. Asilimia 6 ya 25,000 ni 1,500. Lakini kwa simu zimeingia 1,140. Zimepungua 360. Hapo ndipo anapotupigia.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni kodi. Gawio la mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kulipwa, na chama ndicho kinachoipeleka kwa KRA. Asilimia 5 ya 1,500 ni 75. Angepaswa kupata 1,425. Bado kuna 285 hazijulikani zilipo.

Sehemu ya pili iko ndani ya simu yake. Ukigawa 1,140 kwa 0.95 unapata 1,200, na 1,200 ni asilimia 6 ya 20,000. Kumbe chama kinamhesabu kuwa na hisa za 20,000. Zile 5,000 ziko wapi? Alitafuta ujumbe wa malipo wa miezi iliyopita, akapata ule wa siku aliyotuma shilingi 5,000. Mahali pa kuandika nambari ya akaunti alikuwa ameandika nambari ya akiba badala ya ile ya hisa. Pesa yake haijapotea. Imekaa kwenye akiba, na akiba haipati gawio la hisa. Ikiwa chama kinalipa riba ya akiba, hiyo ni hesabu nyingine, na asilimia yake pia ni nyingine.

Kosa hili tunaliona mara kwa mara. Vyama vingi hutumia nambari moja ya malipo kwa kila kitu, na kinachotofautisha hisa, akiba na kulipa mkopo ni hayo maandishi ya akaunti tu. Sisi hatuwezi kuhamisha pesa ambayo imeshafika chamani. Mwandikie mweka hazina, umpe tarehe na nambari ya muamala kutoka kwa ule ujumbe, na umwombe aisahihishe kwenye daftari la hisa. Ikisahihishwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, huenda faida yake uione mwaka ujao, kwa hivyo usingoje.

Ili kufanya hesabu hiyo nyumbani, fuata njia hii. Chukua hisa zako, zidisha kwa asilimia iliyopitishwa mkutanoni, kisha toa asilimia 5 ya jibu. Kinachobaki kilingane na kilichoingia kwa simu. Kama chama kinakata ada ya kutuma kutoka kwa gawio lako badala ya kuilipa chenyewe, barua inafaa kusema. Kama haikusema, uliza.

Na msimu huu wa gawio ni msimu wa matapeli pia. Wanajua watu wanangoja pesa. Ujumbe ukikuambia gawio lako limekwama na utume ada kidogo ili liachiliwe, huo ni uongo. Gawio hukatwa kodi kabla ya kukufikia. Halihitaji utume kitu, wala nambari yako ya siri. Tena, kabla ya mkutano kupitisha asilimia, hakuna gawio la kulipwa. Anayekutumia habari ya malipo wiki mbili kabla ya mkutano anakudanganya.

Ukienda mkutanoni

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya inampa mwanachama haki ya kuona hesabu za mwaka za chama chake ofisini. Huhitaji kuwa mhasibu. Nenda na barua, na utafute ndani ya hesabu zilizokaguliwa tarakimu nne tu: mapato, matumizi, fungu la tahadhari na ziada. Zikilingana na barua, mweka hazina amekuambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni asilimia 6. Zikitofautiana, simama uulize ni ipi ya kuaminiwa, na uombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mama wa Kakuma karo bado hajamaliza. Lakini sasa anajua shilingi 5,000 zake ziko wapi, na anajua swali la kuuliza kuhusu wale 9.